Agizo la picha: ghuba ya jioni kwa ukurasa wa kwanza wa gemu

Chora ghuba ya bahari jioni, dakika chache baada ya jua kuzama, kwa uwiano wa 21:9. Iwe kama mchoro wa rangi za maji zilizopakwa kwa brashi pana, isiwe kama picha ya kamera. Mtazamaji yuko juu kidogo ya maji, na mstari wa upeo wa macho umekaa chini, kwenye theluthi ya chini ya picha.

Kushoto kuna jahazi kuukuu lililopanda mwamba na kulala ubavu. Mbao za ubavuni zimebanduka, mataruma yanaonekana, mwani umening'inia kwenye usukani. Mlingoti umevunjika na kuinamia kushoto, nje ya picha, usielekee katikati. Kipande cha tanga kilichochanika kimenasa kwenye kamba. Hapa ndipo pa kumwaga ufundi wote: kutu ya misumari, nyuzi za kamba, chumvi iliyokauka kwenye mbao.

Kulia kuna jabali refu lenye mnara wa taa. Taa imewaka, lakini mwali wake unaelekea kulia, baharini. Usikate anga ya katikati hata kidogo. Wekundu wa machweo umebaki nyuma ya jabali tu, na unafifia kabla ya kufika katikati.

Theluthi ya katikati, kuanzia juu hadi chini, ni anga tupu ya rangi ya nili iliyokolea, ukungu mwembamba, na maji yaliyotulia kama kioo. Rangi ibadilike polepole, bila mistari mikali. Mawingu, ndege, nyota na mng'ao wa maji vikae pembeni. Maandishi meupe yatawekwa hapo baadaye, kwa hiyo pasiwe na doa lolote jeupe wala la rangi angavu la kushindana nayo. Giza lisiwe jeusi tii pia. Ukungu uonekane, jicho lijue kuna umbali.

Mistari ya miamba na mawimbi isikutane katikati. Iteremke kutoka pande zote mbili na kuyeyuka kwenye ukungu kabla ya kufika theluthi hiyo.

Karibu sehemu ya nane ya upana kila upande itakatwa kwenye skrini za 16:9. Jaza huko mawe na maji pekee. Jahazi lote na mnara wote viwe ndani ya sehemu isiyokatwa, isipokuwa ncha ya mlingoti, ambayo ikikatika si hasara.

Picha iwe mandhari tupu, bila watu, herufi, nembo, fremu wala umbo lolote la mstatili. Pande mbili zisilingane kama kioo: jahazi liwe kubwa na karibu, mnara uwe mdogo na mbali. Ikibidi kupunguza kitu ili katikati pabaki patulivu, punguza madoido ya jahazi.