Mwongozo wa Sauti ya Ukurasa wa Vijana: Utani na Lugha ya Heshima

Mwongozo huu ni wa kila anayeandika kwa jina la umoja wa vijana wa kanisa letu, iwe ni chapisho, maelezo ya picha, jibu kwa maoni au ujumbe wa faragha. Ukiwa kwenye akaunti yako binafsi, dhamiri yako ikuongoze. Hapa unaposema, kanisa zima linasikika limesema.

Sauti yetu ni ya kijana anayeipenda imani yake na anayejua kucheka. Hatuandiki kama tangazo la ofisini, wala hatugeuzi kila picha ya mazoezi ya kwaya kuwa mahubiri. Sentensi fupi zinatosha. Maneno ya vijana yanaruhusiwa, mradi mzee wa kanisa akiyasoma asilazimike kuuliza yana maana gani.

Tunamtania nani

Tujitanie sisi kwanza, tena kama kundi. "Mazoezi ni saa kumi kamili. Saa kumi ya saa, si saa kumi ya besi" ni utani mzuri: besi wote wamo, na wanajijua. Ukimtaja mmoja kwa jina, au ukiweka picha yake akiingia amechelewa, huo si utani tena, umemshtaki mbele ya watu. Picha ya kuchekesha ya mtu mmoja haitoki mpaka mwenyewe ameiona na kukubali. Kukaa kimya si kukubali.

Biblia nayo haijatunyima kicheko. Eutiko, aliyesinzia dirishani Paulo akiendelea kuhubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20:9), ni ndugu wa kila anayesinzia kwenye mkesha; na kwa kuwa mwishowe aliletwa akiwa hai, tunaweza kumtania bila hofu. Yona anayekwepa kazi aliyotumwa pia anatufaa. Tusichogusa ni mateso ya Kristo, Meza ya Bwana, ubatizo, maombi ya mtu na ushuhuda wake. Video ya mtu akilia au akinena kwa lugha haiwekewi muziki wa kuchekesha, hata kama ndiyo ingetazamwa kuliko zote.

Hatutanii mwili wa mtu, kabila, lafudhi, mavazi, kiasi cha sadaka, wala hali yake ya ndoa. Hili la ndoa linatuponyoka mara nyingi kwa sababu linakuja limevaa pongezi. Chukua rasimu hii: "Heri ya kuzaliwa dada yetu! Sasa tunasubiri kadi ya harusi 😂". Aliyeiandika hana ubaya. Lakini muda si mrefu maoni yatageuka kikao cha kujadili kwa nini hajaolewa, naye atayasoma yote. Andika hivi: "Heri ya siku ya kuzaliwa, dada yetu. Bila alto yako sisi wengine tungekuwa tumeshapotea kwenye ubeti wa pili." Bado inachekesha, na aliyetaniwa ni sisi.

"Nilikuwa natania tu" si utetezi. Mithali 26:18-19 inamweka mwenye kauli hiyo karibu na mwendawazimu anayerusha mienge na mishale.

Tunavyowaita watu

Mchungaji ni Mchungaji, na wazee wanatajwa kwa vyeo vyao. Jina la utani ambalo Mchungaji mwenyewe hulichekea kikaoni libaki kikaoni. Sisi kwa sisi ni kaka na dada.

Tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, asiyeona. Ulemavu hautajwi kama hauhusiani na habari. Aliyeacha kuja ibadani haitwi aliyerudi nyuma. Mwambie tumemkumbuka, na umwambie faraghani.

Kwa watu wa dini na madhehebu mengine, hatutumii "wapagani", "kafiri" wala "watu wa giza", na hatulinganishi ibada zao na zetu ili tucheke. Kumtakia jirani Mwislamu mfungo mwema ni sawa, usiongeze "lakini". Siasa za vyama hazina nafasi hapa, hata kwa kibonzo.

Mtu akitutukana, tunajibu mara moja kwa upole au hatujibu kabisa. Kejeli ni tamu kuandika, najua, ila zitabaki kwenye simu za watu hata ukizifuta.

Siku ya msiba

Taarifa ya kifo ikifika, kwanza simamisha machapisho yote ya utani yaliyopangwa kutoka yenyewe, kisha thibitisha kuwa familia imeridhia tangazo. Andika jina kamili, taarifa ya ibada na pole. Usiandike sababu ya kifo, usiweke emoji, wala usiseme "Mungu alimhitaji zaidi". Utani haurudi kabla ya mazishi.

Kabla ya kuchapisha

Chapisho lenye utani lisomwe na watu wawili, na mmoja awe si rafiki wa karibu wa mwandishi. Mmoja akisita, halitoki siku hiyo. Mtu akiomba picha au maneno yanayomhusu yaondolewe, yaondoe kwanza. Mlezi wa vijana atazungumza naye baadaye.