Rehema, usinijibu usiku huu

Rehema, kaka yako amenipigia sasa hivi. Ameniambia baba ametutoka.

Pole, dada yangu. Nimelia. Nilimpenda mzee wako.

Usinijibu. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu, na watoto watakuwa mikononi mwangu kutwa nzima. Nimeshaongea na baba yao. Hapo huna la kupanga wala la kukumbuka.

Simu yangu iko wazi usiku kucha.

Tatu

*

Ujumbe huo wa juu unatosha. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa sababu najua leo hutalala, na nyumba ikishatulia, wengine wakishapitiwa na usingizi, utabaki peke yako na kuta. Ukiwa na nguvu, soma. Huna, yaache, yatakungoja.

Kaka yako ameniambia ilikuwa saa mbili usiku, na kwamba wewe ulikuwa umetoka kwenda nyumbani kuoga na kubadili nguo. Ameniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa wewe utasikia. Basi nimeshajua ni wapi moyo wako utakwenda kukaa usiku huu. Sitakuamuru usijilaumu, maana hilo haliji kwa amri. Mama yangu alipofariki watu waliniambia hivyo mpaka nikachoka, na kila aliponiambia mmoja nilizidi kujiona mkosaji.

Nitakuambia nilichokiona tu. Jumanne nilipokuja kumtazama, nilisimama mlangoni kidogo kabla hujaniona. Ulikuwa umechovya pamba kwenye maji unamlowesha midomo, taratibu, pembe moja hadi nyingine, kisha ukampaka mafuta kwa kidole. Alifungua macho akakuuliza, "Umekula?" Ukamwambia umekula. Hukuwa umekula, nilijua, na nadhani na yeye alijua, kwa sababu alikutazama vile alivyokuwa akitutazama zamani tukimdanganya kuhusu madaftari. Halafu akafumba macho, mkono wake ukiwa juu ya mkono wako. Siku 11 ulilala kwenye kile kiti cha mbao. Dakika zile za saa mbili ni zake. Hizo siku 11 ni zenu wawili, na mimi ni shahidi.

Sikukusemesha siku ile. Niliona nitaharibu.

*

Kuna jambo la mzee ambalo sikuwahi kukusimulia. Si siri, ila nililiweka tu.

Unakumbuka mwaka ule nilipofeli mtihani wa mwisho, nikaja kwenu bila kuaga nyumbani? Wewe hukuwepo, ulikuwa safarini. Baba alikuwa uani amepindua baiskeli, magurudumu juu. Alinitazama usoni mara moja. Hakuniuliza matokeo. Akanipa pampu, akasema, "Jaza upepo, mwanangu." Nikajaza. Akauzamisha mpira wa ndani kwenye beseni la maji, akawa anauzungusha kipande kwa kipande, anausogeza, anasubiri, anausogeza tena. Tukakaa hapo tumeinamia beseni, machozi yangu yanadondokea humo humo. Kikatoka kiputo kimoja kidogo, kama cha samaki. Akasema, "Huyo." Akatia alama kwa kalamu, akapakausha, akapasugua kwa msasa, akapaka gundi. Nikataka kubandika kiraka papo hapo, akanishika mkono. "Ngoja kwanza gundi ikauke kidogo. Ukibandika mbichi, inateleza."

Tukangoja. Hapo ndipo aliponiambia kwamba na yeye alirudia mtihani, na kwamba baba yake hakujua mpaka anakufa. Alisema bila kunitazama, anabonyeza ile gundi kwa ncha ya kidole kuona kama imekauka. Basi, hakuongeza kitu. Tukabandika kiraka, akanisindikiza mpaka barabarani akiikokota baiskeli, akasimama pale mpaka nikapotea.

Huwa nageuka nyuma, Rehema. Kila nilipotoka kwenu niligeuka, na kila mara alikuwa bado amesimama.

Na ile sauti yake kwenye simu! Alivyokuwa akipiga kelele kadiri mtu alivyo mbali, utadhani anaita ng'ambo ya mto. Nilipohamia mji mwingine nilikuwa naweka simu mezani namsikia vizuri tu nikiendelea na kazi. Neno lake la kwanza siku zote, "Nasikia!", kabla hata hujasema kitu. Nimelisikia hilo "Nasikia" leo jioni nikiwa nimekaa kitandani, wazi kabisa, nikashika kichwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo, nalo nakuomba ulifanye, au tuseme nakuomba usilifanye. Usifute chochote kwenye simu yako wala kwenye simu yake. Zile sauti alizokuwa akikurekodia, hata zile fupi za "mbona kimya", ziache zilivyo. Usilazimike kuzisikiliza. Nilikuwa na sauti za mama yangu zaidi ya ishirini. Nilibadilisha simu mwezi wa pili baada ya kumzika, kwa haraka, bila kufikiri, nikazipoteza zote. Nikija nitazinakili za baba mahali pawili, nikuandikie ziko wapi, na utazisikiliza mwaka utakaotaka. Mwambie kaka yako asiikate laini ya mzee kwa sasa, na simu yake isipewe mtu.

*

Watoto. Nimefikiri sana juu ya huyu mdogo, alivyokuwa amemzoea babu yake. Kesho ataniuliza, najua ataniuliza, kwa sababu yeye huuliza. Sitamwambia babu amelala, wala amesafiri. Nilipokuwa na miaka sita niliambiwa bibi amelala, nikakaa miezi naogopa kufumba macho, na mama akilala mchana nilikuwa naenda kumtikisa. Kama ungependa yeye na wenzake wasikie kutoka kinywani mwako, nitamwambia tu kwamba mama atakuja kumweleza, nami nitakaa naye. Kama huwezi, niandikie neno moja tu, "mwambie", nami nitamwambia kwamba babu amefariki, kwamba mwili wake ulikuwa mgonjwa sana ukaacha kufanya kazi, kwamba haumwi tena, na kwamba hatarudi. Nitamwambia si kosa la mtu yeyote. Watoto hujibebesha mambo wasiyoyasema. Akilia nitamshika. Akienda kucheza nitamwacha acheze, na wewe ukimwona anacheka usishtuke.

Tafadhali usijizuie kulia mbele yao eti wataogopa. Watu watakuambia ujikaze, wewe ndiye mkubwa, mama anakutegemea. Mama yako atakuwa na watu wa kumtegemea kesho nyumba nzima. Wewe ni mtoto wa marehemu kama kaka yako alivyo.

*

La kaka yako, nisije nikalisahau. Akienda kuchukua karatasi hospitali, asome jina la baba herufi kwa herufi, alilinganishe na kitambulisho chake, na tarehe ya kuzaliwa pia, kabla hajatoka mlangoni. La mama yangu liliandikwa na herufi moja pungufu. Tuliona baada ya wiki tatu, na kulisahihisha kulituchukua miezi, huku kila ofisi ikitutuma kwenye ofisi nyingine na sisi tumevaa majonzi. Nitampigia mwenyewe asubuhi kumwambia. Nimekuandikia wewe ili ujue kwamba kuna mtu anaangalia hilo.

Na ile kazi ya kupigia watu simu, niachie. Kurudia sentensi ile ile mara thelathini, "baba amefariki", halafu kuanza kumbembeleza anayelia upande wa pili, ni mzigo ambao sitaki uubebe. Nitumie majina tu, hata kwa kupiga picha daftari lake la namba. Ndugu wa karibu wanaostahili kusikia kutoka kwako ni wewe utakayeniambia. Waliobaki wote ni wangu. Kazini kwako pia nitaongea na mkuu wako asubuhi, nimwambie usipigiwe.

*

Sijui wewe utakuwaje, maana kila mtu na kilio chake. Mimi usiku wa kwanza nilifua. Nilifua nguo zote za nyumba saa nane za usiku, hata zilizokuwa safi, na sikutoa chozi. Nilijiona nina moyo wa jiwe. Chozi lilikuja siku ya tisa, nilipoona kitana chake kina nywele. Ukijikuta hulii, au ukajikuta unacheka na binamu zako kwa jambo alilowahi kufanya mzee, au unasahau jina la mtu aliyesimama mbele yako, ujue nilipita huko huko. Nilikuwa naingia chumbani nasahau nilichofuata. Chakula kilikuwa hakina ladha. Kunywa maji, hata kama hutaki kula. Nitakuwekea chupa, nami nitakuwa nikiitazama.

Kama kesho hutaki kuniona, bado nitakuja, nitachukua watoto mlangoni na kuondoka. Kama utataka nikae, nitakaa. Huna haja ya kunisemesha. Tumekaa kimya pamoja mara nyingi, wewe na mimi.

Kuna ile baiskeli. Kama bado iko uani, naomba pasiwe na mtu wa kuitoa wala kuigawa kabla hujaamua. Hilo ndilo ombi langu pekee kwa nyumba yenu.

Sasa ni saa sita kasoro. Sijazima taa. Nimeiweka simu kifuani na mlio nimeufungua mpaka mwisho. Ukipiga, hata saa kumi, hata ukawa huna neno, nitapokea. Usiposema kitu nitajua ni wewe, nami nitakaa kwenye laini mpaka wewe ndiye ukate.