Damu ya Mzee

Katika maisha yake yote ya usukani, Nahodha Lali hakupigwa picha ila serikali ilipomtaka. Picha ya kipande, picha za pasipoti za safari za Ghuba alipokuwa akipeleka boriti na kurudi na tende, picha ya karatasi za chombo. Zote nyeusi na nyeupe, zote uso umekazwa kama wa shahidi mahakamani. Na zote zilimtoa na ndevu nyeusi, jambo ambalo hakulilalamikia hata siku moja.

Ilikuwa kazi ya hina. Nahodha alianza kuzipaka hina tangu zilipoingia mvi, na ukikutana naye njiani Langoni, mtaa wa Lamu, ulikiona kidevu chekundu kabla hujamtambua mwenyewe. Kwenye picha wekundu ule ulitoka weusi, mzee akarudi ujanani. Karani mmoja wa pasipoti aliwahi kumtazama, akaitazama picha, akamtazama tena, kisha akagonga muhuri bila kuuliza.

Ilipofika 1983 chombo kilikuwa kimekwisha kuuzwa. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imepiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na nahodha asiye na shehena ni mtu wa baraza tu. Ndipo asubuhi ya Idi, watu wanatoka kuswali, Bakari mpiga picha akamshika mkono.

"Nahodha, nimepata filamu ya rangi. Ndoo ukae, picha ya kwanza iwe yako."

"Ya rangi ya nini? Rangi yangu naijua."

Hata hivyo alikaa. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, koti la kahawia alilonunua Muskati, bakora kati ya magoti. Nyuma yake palining'inia pazia la studio lililochorwa minazi, na hapo mlangoni kwenyewe pana mnazi wa kweli. Bakari akabofya mara mbili.

Picha za zamani Bakari alikuwa akizisafisha mwenyewe katika chumba cha nyuma chenye taa nyekundu. Asubuhi umepigwa, jioni unachukua. Hizi za rangi hazikutaka taa hata hiyo nyekundu, na dawa zake zilitaka joto lisilopanda wala kushuka, mambo ambayo chumba kile hakikuyaweza. Filamu ikabidi ivushwe kwa mashua mpaka Mokowe, ipande basi, ivuke Tana kwa kivuko cha Garsen, ndipo ifike Mombasa. Na njia ilikuwa na matope. Kila baada ya alasiri Nahodha alipita dukani akisema amekuja kusalimia tu.

Bahasha ilifika. Akaipeleka barazani bila kuifungua, akaketi baina ya wenzake, akavaa miwani, akaitoa picha.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Huyu babangu."

Wenzake wakainama. Kweli, ilikuwa sura ya marehemu Bwana Famau, ila ndevu. Ndevu zilikuwa zinawaka. Si wekundu wa heshima aliouona kwenye kioo kidogo cha chumbani penye taa ya kandili. Ulikuwa wekundu wa tui la pilipili, na chini yake, pale hina ilipokuwa imekimbiwa na nywele zilizoota karibuni, mstari mweupe dhahiri.

"Nahodha, hapa umesahau kupaka," akasema mmoja.

"Sikusahau. Ilikuwa Idi, nilikuwa na haraka."

"Na macho haya? Tangu lini una macho ya buluu?"

Akaisogeza picha karibu. Kuzunguka mboni palikuwa na duara la buluu iliyofifia. Kwenye pasipoti macho yake yalikuwa meusi, basi. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa akipita na kikapu cha samaki.

"Mwanaisha, macho yangu yana buluu?"

"Ndiyo babu. Siku zote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Si yako mwenyewe?"

Wazee walicheka mpaka muuza kahawa akaja kuuliza kuna nini. Nahodha hakukasirika. Alikuwa amekwisha kuwaza jambo jingine, akaondoka hata kahawa hakumaliza.

Mkewe, Mwana Amina, alikuwa na picha moja tu duniani: ya pasipoti, alipokwenda Hija. Alikataa nyingine zote. Uso wa mviringo, leso imezungushwa kichwani, vyote kijivu. Nahodha aliifunua kutoka ndani ya msahafu, akarudi nayo studio.

"Huyu naye mpe rangi."

"Filamu ilikuwa ya kijivu, Nahodha, rangi haimo humo. Lakini naweza kuipiga picha hii upya, niikuze, halafu niipake kwa mkono, kwa brashi. Wewe niambie tu. Leso ilikuwa rangi gani?"

"Kijani," Nahodha akajibu papo hapo. Kisha akiwa njiani akaingiwa na shaka, akapita kwa shemejiye, Mwana Esha.

"Kijani?" Mwana Esha akaweka ungo chini. "Shemeji, ile leso tulinunua doti moja, tukaikata, kila mtu kipande chake. Ilikuwa nyekundu."

"Nilikaa na mke wangu miaka arubaini."

"Na mimi nilikaa na leso. Bado ninayo."

Akaingia ndani, akarudi nayo. Ilikuwa imefuliwa hata ikawa nyepesi, na rangi yake haikuwa kijani wala nyekundu. Ilikuwa kitu baina ya vumbi na waridi. Jina la leso lilibaki herufi nne tu zinazosomeka. Wakaitandaza kwenye mwanga wa uani, wakaigeuza upande huu na ule.

"Hapo pekundu," akasema Mwana Esha.

"Hapo kivuli."

Wakazozana mpaka Mwana Esha akakumbuka upindo. Alikuwa ameupinda mwenyewe siku ile ile ya kununua, kwa uzi mweusi, mara mbili ili usifumuke. Akachukua sindano, akachomoa uzi tundu kwa tundu, mdomo ameukaza, Nahodha akishika upande wa pili. Kilipofunguka kipande cha urefu wa kidole akakikunjua kwa kucha.

Ndani palikuwa hapajaona jua wala sabuni. Rangi ilikuwa nzito, imekolea: damu ya mzee.

"Nimekwambia nyekundu!"

"Hii si nyekundu. Hii ni damu ya mzee."

"Na kijani chako kiko wapi?"

Nahodha hakujibu. Alikuwa amekumbuka gati ya Mombasa na mwanamke mmoja kati ya wengi waliovaa mabuibui, na upande wa leso uliochungulia alipogeuka kumpungia mkono. Akaomba mkasi. Mwana Esha akamtazama, akaikata ile ncha ya upindo, akamkabidhi.

Studio Bakari alikuwa akifunga. Nahodha akaweka kipande kile mezani, juu ya picha.

"Rangi hii. Usizidishe, usipunguze."

Bakari akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakisugua kwa kidole gumba. "Hii itabidi nichanganye. Itagharimu zaidi ya tulivyosema."

"Sema bei, tutapatana."

"Haya. Na uso je? Alikuwa mweupe, maji ya kunde, vipi?"

Nahodha akavuta kiti alichokalia siku ya Idi, akakiweka kando ya meza, akaketi.

"Anza na leso," akasema. "Uso nitakwambia huku unapaka, na ukikosea utafuta. Leo sitoki hapa. Mwanaisha ataniletea chakula."