Kadi za marudio: koenzaimu, vitamini na madini ya vimeng'enya

1. Mbele: NAD⁺ inatokana na vitamini gani?
Nyuma: B3 (niasini). Hupokea elektroni mbili na protoni moja, inakuwa NADH. Upungufu: pelagra.

2. Mbele: Taja koenzaimu tano za piruveti dihaidrojinezi.
Nyuma: TPP (B1), lipoeti, CoA (B5), FAD (B2), NAD⁺ (B3). Lipoeti pekee haitokani na vitamini, wengi huisahau. Bila B1, piruveti haigeuki asetili-CoA, inaishia kuwa lakteti. Ndiyo maana mtu mwenye upungufu mkali akipewa glukosi bila thiamini, ubongo unaweza kudhurika. Alfa-ketoglutareti dihaidrojinezi hutumia hizo hizo tano. Swali la mtihani hilo!

3. Mbele: Biotini hubeba nini?
Nyuma: CO₂, mfano kwenye piruveti kaboksilezi.

4. Mbele: Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi huongezewa B6?
Nyuma: Dawa hiyo hupunguza PLP, koenzaimu ya ALT na AST. Bila nyongeza, ganzi miguuni.

5. Mbele: Vimeng'enya viwili vya binadamu vinavyotegemea B12?
Nyuma: Methionini sinthezi na methilmaloniili-CoA mutezi. Mtego: foleti hurekebisha damu, lakini neva zinaendelea kuharibika.

6. Mbele: Linganisha: Zn²⁺, Mg²⁺, seleni.
Nyuma: Kaboniki anhaidrezi, heksokinezi (pamoja na ATP), glutathioni peroksidezi.

7. Mbele: Vitamini C na kolajeni?
Nyuma: Huirudisha Fe³⁺ ya prolili haidroksilezi kuwa Fe²⁺. Ikikosekana: kiseyeye.