Barua ya Kuomba Nafasi ya Shahada ya Uzamili katika Uhandisi wa Vifaa

Mwende Kilonzo
Nairobi
14 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Udahili wa Masomo ya Uzamili,
Idara ya Uhandisi wa Vifaa.

Kuh: Ombi la nafasi ya Shahada ya Uzamili katika Uhandisi wa Vifaa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ninaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika idara yenu kwa sababu nina swali ambalo karakana haiwezi kunijibu: ni kiasi gani cha hidrojeni kinachobaki ndani ya bolti ngumu ya chuma baada ya kupakwa zinki kwa umeme katika karakana zetu ndogo za Nairobi, na ni lini kiasi hicho kinatosha kuivunja? Swali hili lilitokana na mradi wangu kuhusu bolti za chekeche la kokoto. Naomba kuueleza kwa kirefu, maana ndio sifa yangu kubwa kuliko alama zilizo kwenye cheti.

Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo hapa Nairobi, na tangu hapo nafanya kazi ya matengenezo ya mitambo katika Eneo la Viwanda. Mmoja wa wateja wetu anasaga mawe upande wa Mlolongo. Chekeche lake la mtetemo lilikuwa likivunja bolti za M16 zinazoshikilia fremu ya wavu, na kila zikivunjika kazi inasimama na malori ya kokoto yanapanga foleni langoni. Maelezo yalikuwa tayari kabla sijafika. Fundi mkuu wa pale alinisogezea mkebe wa vipande akaniambia, "Injinia, hizi ni feki tu. Tupa, tununue zingine."

Nilikataa kutupa. Nilivisafisha vipande kwa mafuta ya taa na brashi laini, bila kugusanisha nyuso zilizovunjika, nikavipanga mezani chini ya taa ya pembeni. Karibu vyote vilikuwa na sura moja: mvunjiko kwenye hesi ya kwanza inayoingia kwenye nati, na juu ya uso wake mistari ya upinde iliyopanuka kutoka ukingoni, kama pete za mti uliokatwa. Hiyo ni alama ya uchovu wa metali. Ufa ulianza kwenye mzizi wa hesi, ukakua kidogo kidogo kwa kila kipindi cha kazi, hadi kikabaki kipande chembamba kilichokatika ghafla. Ukubwa wa kipande hicho cha mwisho nao unasema jambo: kilikuwa kidogo sana, maana yake mzigo wa kila siku haukuwa mkubwa. Haikuwa bolti iliyozidiwa nguvu. Ilikuwa bolti iliyotikiswa mara nyingi mno.

Je, zilikuwa feki? Vichwa vyake vilikuwa na alama ya 10.9, ambayo kwa kiwango cha ISO 898-1 inadai ugumu wa Vickers kati ya 320 na 380. Nilikata vipande, nikaving'arisha na kupima. Ugumu ulikuwa ndani ya mipaka hiyo, na muundo ulioonekana baada ya kuchovya kwenye asidi ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi ulikuwa martensiti iliyotuliwa kwa joto, kama inavyotakiwa. Pembeni mwa hesi hakukuwa na tabaka laini lililopoteza kaboni. Chuma kilikuwa kizuri. Muuzaji aliyekuwa akilaumiwa kila wiki hakuwa na kosa, na kwangu hilo lilikuwa jambo la haki kabla halijawa jambo la uhandisi.

Kosa lilikuwa kwenye kiungo. Bolti ya aina hii haishiki kwa kuwa nene. Inashika kwa kuwa imevutwa. Ikikazwa ipasavyo inabana sahani kwa takribani kilonewton 98, na mtetemo mwingi hupita kwenye sahani zilizobanwa, bolti yenyewe ikionja sehemu ndogo tu. Kubana kukilegea, bolti inaubeba mtetemo karibu wote peke yake, na hapo chuma cha megapaskali 1,000 kinaweza kufa kwa mkazo unaopanda na kushuka kwa makumi machache tu ya megapaskali, kwa sababu mzizi wa hesi unauzidisha mkazo huo.

Nilitaka kuona kulegea huko kwa macho. Kwa kuwa ncha zote mbili za bolti zilifikika, nilipima urefu wake kwa maikromita kabla ya kukaza, baada ya kukaza, na tena baada ya chekeche kufanya kazi. Kwa unene wa sahani uliokuwepo, bolti iliyokazwa vizuri inarefuka takribani milimita 0.14. Ni kiasi kidogo kuliko unene wa kadi ya simu, lakini nguvu yote ya kubana imo humo. Baada ya siku chache za kazi, zaidi ya nusu ya urefu huo ulikuwa umepotea kwenye bolti kadhaa. Nilipofungua kiungo nikaona sababu: rangi nene chini ya washa, tabaka juu ya tabaka, kila matengenezo yakiongeza lake. Rangi ilisagika na kukonda, na bolti ikaanza kurudi kwenye urefu wake wa awali. Tulikwangua hadi kwenye chuma, tukasawazisha nyuso, tukaacha mtindo wa kuongeza bomba kwenye spana na kukaza kwa kukisia, tukaanza kutumia spana yenye kipimo kwenye hesi zilizopakwa mafuta ya aina moja. Jambo hili la mafuta halipewi uzito linaostahili: takribani asilimia 90 ya nguvu ya kuzungusha inaishia kwenye msuguano, kwa hiyo hesi kavu na hesi yenye mafuta zikikazwa kwa kipimo kilekile hazibani sawa hata kidogo. Bolti zilezile za 10.9, kutoka duka lilelile, ziliacha kuvunjika.

Mradi ungeishia hapo kama si vipande viwili ndani ya mkebe ule.

Vipande hivyo havikuwa na mistari yoyote. Vilivunjika chini ya kichwa, uso wake ukimetameta kwa chembe chembe kama sukari guru iliyovunjwa, bila dalili ya kurefuka. Niliuliza. Kumbe kabla sijaitwa, walikuwa wamejaribu dawa ya kutumia bolti zenye nguvu zaidi, za 12.9. Zilikuwa nyeusi, zikapelekwa kwenye karakana moja kupakwa zinki ili zisishike kutu. Zilikazwa jioni. Asubuhi, mashine ikiwa haijawashwa kabisa, vichwa viwili vilikutwa sakafuni.

Bolti inayovunjika usiku, mzigo ukiwa umetulia, inataka maelezo mengine. Nilipata nafasi ya kutumia hadubini ya elektroni, na picha zake zilionyesha ufa uliopita kati ya chembe za chuma badala ya kuzikata katikati. Pamoja na historia yake, nilisoma hapo kazi ya hidrojeni. Chuma kinaposafishwa kwa asidi na kupakwa zinki kwa umeme, atomi za hidrojeni huzaliwa juu ya uso wake, na baadhi huingia ndani. Zinki ikishafunika, njia ya kutoka inakuwa ngumu. Bolti ikivutwa, atomi hizo husafiri kuelekea mahali penye mkazo mkubwa na kudhoofisha mipaka ya chembe. Ndiyo maana mvunjiko unachelewa. Bolti za 12.9, ambazo ugumu wake ni kati ya 385 na 435, ndizo zinazodhurika zaidi. Na dawa ile haikuwa na faida hata bila hidrojeni, kwa sababu kwenye hesi nguvu ya kustahimili uchovu haipandi kwa kupanda daraja la bolti.

Haya si mambo mapya. William Johnson alieleza mwaka 1875 jinsi chuma kilichotiwa kwenye asidi kinavyopoteza uimara wake. Machi 2013, fito 32 kati ya 96 za nanga kwenye daraja jipya la Bay kati ya San Francisco na Oakland zilivunjika siku chache baada ya kuvutwa, na hidrojeni ndiyo iliyopatikana na hatia. Kama daraja la gharama ile lilipitiwa, karakana yenye ndoo tatu za asidi na chanzo kimoja cha umeme haina budi kusaidiwa.

Nilifanya jaribio dogo. Nilipeleka bolti mpya za 12.9 zikapakwa zinki vilevile. Nusu nikaziweka kwenye tanuri la nyuzi 200 za Selsiasi ndani ya saa nne baada ya kupakwa, nusu nikaziacha. Zote nikazikaza juu ya washa zenye mteremko na kuziacha zimevutwa. Miongoni mwa zile ambazo hazikupita tanurini baadhi zilivunjika. Zilizopita tanurini zilibaki nzima. Matokeo yanaelekea upande mmoja, lakini kundi lilikuwa dogo na sikuwa na njia ya kupima hidrojeni yenyewe. Sijui ni mchango kiasi gani unatokana na muda wa kukaa kwenye asidi, kiasi gani na umeme wa kupakia, na kiasi gani na ugumu wa chuma. Kutenganisha hayo matatu ndiyo kazi ninayotaka kuifanya kwenu.

Kwa hilo nahitaji nisichokuwa nacho: msingi wa kina katika usafiri wa atomi ndani ya metali, mekanika ya mivunjiko, na vipimo vya hidrojeni kwa njia ya elektrokemia, chini ya msimamizi atakayenibana nisiseme zaidi ya data. Ninachokuja nacho ni mikono iliyozoea kukata, kung'arisha na kupima, uzoefu wa kusoma uso wa mvunjiko, na milango iliyo wazi. Karakana mbili za kupaka zinki zimekubali nichukue sampuli kwenye matangi yao, mradi niwarudishie matokeo kwa lugha wanayoitumia. Nimewaahidi, na nakusudia kuandika mwongozo huo kwa Kiswahili: muda wa asidi, joto la tanuri, na bolti zipi zisipakwe kwa umeme kabisa bali zifunikwe kwa njia nyingine.

Nimeambatisha nakala za vyeti, barua mbili za wadhamini, na ripoti ya mradi yenye picha za nyuso zote nilizozitaja. Vipande vyenyewe nimevihifadhi kwenye mafuta, kila kimoja na namba yake, na nitavileta kwenye usaili mkiniita. Mwajiri wangu amekubali kunipa ruhusa ya masomo kuanzia Septemba.

Wako mwaminifu,

Mwende Kilonzo