Tathmini ya Bango la Kichocho, Rasimu ya Pili

Kwa wenzangu wa timu ya mabango, Pemba

Assalaam aleikum.

Jumamosi nilishuka na rasimu ya pili hadi shehia mbili za Wilaya ya Wete, kule ambako watu wanafua mtoni na watoto wanaoga hapo hapo. Nililibandika bango kwenye ukuta wa duka, nikakaa pembeni asubuhi nzima kusikiliza watu wanasema nini kabla sijawauliza. Hukumu yangu naitanguliza: lisichapishwe kama lilivyo. Mchoraji ana mkono mzuri na kasoro nyingi zinatengenezeka kwa siku moja, lakini ipo moja iliyo ndani ya ujumbe wenyewe, nayo inanitia hofu.

Ni maneno "dawa ya kinga". Prazikwanteli ni tiba. Inaua minyoo waliokwisha komaa mwilini. Haimzuii mtoto kuambukizwa upya akiingia mtoni kesho yake. Mama mmoja alilisoma bango kwa sauti, neno kwa neno, akamgeukia mwanawe: "Basi wewe si ulimeza skuli? Una kinga." Mtoto akachukua ndoo yake akateremka mtoni. Mama yule hana kosa hata chembe. Amesoma tulichoandika.

Picha ya sufuria inayochemka nayo iondoke. Ule ni ujumbe wa kipindupindu, na nadhani umehamishwa kutoka bango la zamani. Kichocho kinapita kwenye ngozi: vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji baridi, vinampenya aliyesimama majini akifua, akioga au akivuka. Mtu anaweza kuchemsha kila tone analokunywa na bado akakipata. Wakati huohuo bango zima halina neno hata moja juu ya mkojo, na mzunguko unaanzia hapo. Mgonjwa anakojoa mtoni, mayai yanaanguliwa majini, vinavyotoka vinamwingia konokono. Kutokojoa mtoni ni jambo ambalo mtoto wa miaka 10 anaweza kulianza leo bila senti. Tumeliacha nje, tukaweka sufuria.

Kichwa cha habari kinasema "Tudhibiti maambukizi ya skistosomiasisi katika jamii". Kijana wa darasa la sita alikwama kwenye neno la nne akaacha. Nilipotamka "kichocho", watu wote barazani waliinua vichwa. Neno lao wanalo, tulitumie.

Bilauri yenye mkojo mwekundu, tuliyoitegemea sana, watoto watatu waliiita sharubati. Mmoja aliuliza inauzwa wapi. Achorwe mvulana aliyesimama chooni, kwa mgongo na kwa heshima, na matone mekundu yaonekane. Zile picha tatu za mgonjwa, dawa na mzima hazina namba. Mzee mmoja aliyezoea kusoma khati ya Kiarabu alianzia kulia: akaona mtoto mzima, kisha dawa, kisha mtoto anaumwa. Zipangwe kutoka juu kwenda chini, na namba kubwa.

Mwanamke aliyepigwa alama nyekundu ya mkato amewaudhi kinamama, nami niko upande wao. Kwanza kavaa kama mgeni. Mvisheni kanga na mtandio. Pili, mfereji wa karibu hautoki kila siku, kwa hiyo kumwambia "usifue mtoni" bila kumpa njia ni kumsimanga. Achorwe akiteka maji kwa ndoo yenye kamba na kufulia juu, nje ya maji. Si salama kabisa, kwani maji yaleyale yatamgusa mikono, lakini hasimami mtoni saa nzima.

Kuhusu kusomeka, nitasema kwa ufupi. Nikiwa hatua 10 kutoka ukutani niliona nembo tu. Zimeshika robo ya karatasi. Zikusanywe chini, ndogo. Maandishi meupe juu ya manjano hayaonekani juani, yawe meusi. Aya ya chini yenye mistari 9 hakuna aliyeifikia.

Maneno ninayopendekeza kwa bango zima ni haya:

KICHOCHO KINAANZIA KWENYE MKOJO. USIKOJOE MTONI.
Dawa inatibu. Ukirudi kuoga mtoni, unaweza kukipata tena.
Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya.

Siku ya kugawa dawa skuli ipate karatasi yake yenyewe, maana huko kuna mambo mengine ya kuwaambia wazazi: mtoto ale kwanza asije akachefukwa, na atapimwa urefu ili ajulikane anameza vidonge vingapi. Tukiyachanganya hapa tutarudi kwenye mistari 9.

Naomba rasimu ya tatu Alhamisi jioni. Jumamosi nitarudi dukani pale pale, na wa kwanza kumpa alisome ni yule mama.