Faharasa ya Maneno ya Maadili kwa Mwaka wa Kwanza

Maneno haya umeyasikia tangu utotoni, na hapo ndipo mtego ulipo: darasani maana zake zinabanwa zaidi.

Dhamiri. Ile sauti ya ndani inayokusuta. Isikilize, lakini kwenye mtihani "dhamiri yangu imekataa" si hoja.

Fadhila. Tabia njema iliyozoeleka hadi ikawa sehemu ya mtu. Kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, fadhila hukaa katikati: ujasiri uko kati ya woga na ujuba. Si ile fadhila ya "nimekufadhili".

Haki. Neno la kuchunga kuliko yote hapa, kwa sababu Kiswahili kimelitwisha mizigo miwili. Kuna haki unayoweza kuidai, kama haki ya faragha. Na kuna haki ya kutenda, yaani kumpa kila mtu anachostahili bila upendeleo. Mwalimu akiwapa wote saa mbili za mtihani, akiwemo asiyeona vizuri, hajapendelea mtu. Je, ametenda haki? Kwenye insha, taja mapema unatumia maana ipi.

Maadili. Kanuni za mwenendo mwema. Pia somo linalozichunguza. Mtaani neno hili huishia kwenye mavazi na adabu kwa wakubwa. Sisi tunauliza sababu: kwa nini jambo hili liitwe jema?

Matokeo, nadharia ya. Tendo hupimwa kwa linachozaa. Wanafalsafa Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill walitaka furaha kubwa kadiri iwezekanavyo kwa wote wanaoguswa. Swali la kuwabana: mmoja akiumizwa ili mia wafurahi?

Mgongano wa maslahi. Faida yako inapoweza kupinda uamuzi unaoufanya kwa niaba ya wengine. Anayesahihisha karatasi ya mdogo wake yumo kwenye mgongano hata asipomwongezea alama moja. Wengi hukosea hapa.

Mtanziko. Kila njia ina wajibu unaovunjwa. Umeapa kutunza siri ya rafiki, kumbe siri hiyo inamhatarisha mtu mwingine. Kuchagua kati ya kusoma na kulala si mtanziko, ni usingizi.

Ridhaa. Kukubali kwa hiari, ukijua unachokubali. Sahihi peke yake haitoshi. Mwaka 1932, huko Tuskegee, Marekani, watafiti wa serikali walianza kufuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende. Waliwaambia wana "damu mbaya", wakawaficha ugonjwa wenyewe, na hata penisilini ilipothibitika kuwa tiba, hawakuwapa. Utafiti uliendelea hadi 1972. Wanaume wale walikuja wenyewe kupimwa, lakini ridhaa haikuwepo.

Wajibu. Linalopaswa kutendwa hata lisipokufaidi. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alilishikilia hadi mwisho: hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yako uliyemficha, usimdanganye. Wasomaji wake wengi hukwamia mlangoni hapo.